Mistari yote husema sifuri, parabola husema nusu

Chukua namba mbili, uziite x na y, kisha uzipitishe kwenye kanuni hii:

f(x, y) = x²y / (x⁴ + y²)

Ukiweka x = 1 na y = 1, juu utapata 1 na chini 2, kwa hiyo jibu ni nusu. Ukiweka x = 2 na y = 1, juu utapata 4 na chini 17, jibu ni kama 0.235. Kila jozi ya namba ina jibu lake, isipokuwa jozi moja tu. Ukiweka sifuri pande zote mbili, unabaki na sifuri kugawanya kwa sifuri, na hapo kikokotoo hugoma.

Wanahisabati hawaishii kwenye kugoma huko. Swali lao ni hili: x na y zikikaribia sifuri kwa pamoja, bila kuifikia, je, majibu yanaelekea kwenye thamani fulani moja? Thamani hiyo, ikiwapo, ndiyo kikomo. Mwanafunzi aliyesoma vikomo sekondari anajua namna ya kuvitafuta pale palipo na x peke yake. Namba zimepangwa kwenye mstari mmoja, na sifuri inafikiwa kwa njia mbili tu, kutoka kushoto au kutoka kulia. Pande zote mbili zikitoa jibu lilelile, kazi imekwisha. Lakini x na y zikiwa pamoja tuko kwenye uwanja, si kwenye mstari, na nukta (0, 0) inaweza kufikiwa kutoka upande wowote.

Wazo la kwanza linalomjia karibu kila mtu ni kujaribu mistari minyoofu yote inayopita kwenye (0, 0). Tuanze na ule ambao y ni sawa na x. Kwa x = 0.1 jibu ni takribani 0.099. Kwa x = 0.01 jibu ni kama 0.01, na kwa x = 0.001 ni kama 0.001. Bila shaka linaelekea sifuri.

Hatuna haja ya kupima mstari mmoja mmoja. Mstari wowote usio wima unaopita (0, 0) una umbo la y = mx, ambapo m ni mteremko wake. Tukiweka mx mahali pa y, juu tunapata mx³ na chini x⁴ + m²x². Tukigawanya juu na chini kwa x² inabaki:

f(x, mx) = mx / (x² + m²)

Sasa punguza x ukiwa umeishikilia m palepale. Juu kunakwenda sifuri, chini kunakwenda m², ambayo si sifuri mradi mstari haujalala. Jibu: sifuri. Mstari uliolala, yaani y = 0, una sifuri juu tangu mwanzo. Mstari wima, x = 0, nao vivyo hivyo. Kwa hiyo mistari yote, bila kuacha hata mmoja, inatoa sifuri. Wengi hapa wangeandika kuwa kikomo ni sifuri na kufunga daftari.

Sasa tuikaribie (0, 0) kwa njia iliyopinda, kwa kufuata parabola y = x². Kwa x = 0.1, y ni 0.01. Juu kuna 0.01 mara 0.01, yaani 0.0001. Chini kuna 0.0001 kujumlisha 0.0001, yaani 0.0002. Jibu ni 0.5. Kwa x = 0.001, y ni 0.000001, na jibu ni 0.5 vilevile. Aljebra inaonyesha kwa nini halibadiliki: juu kuna x² mara x², chini kuna x⁴ mara mbili, na x⁴ zinafutana. Ukitembea juu ya parabola hii mpaka mlangoni pa (0, 0), jibu halisogei kutoka kwenye nusu hata kidogo.

Basi kikomo ni sifuri au nusu? Hakipo kabisa. Anayedai kuwa kikomo ni sifuri ameahidi jambo zito: kwamba mtu akimtajia kiasi cha kosa anachoweza kukivumilia, tuseme 0.1, yeye ataweza kuchora duara kuizunguka (0, 0) ambalo ndani yake majibu yote yako umbali usiozidi 0.1 kutoka sifuri. Majibu yote, si yale ya kwenye mistari aliyoichagua. Duara lake liwe dogo kiasi chochote, kipande cha parabola kimo ndani, na juu ya kipande hicho jibu ni 0.5. Ahadi imevunjika.

Hapa msomaji makini ana haki ya kukereka. Kila nukta ya uwanja, ukiondoa (0, 0) yenyewe, iko juu ya mstari fulani unaopita (0, 0). Hata nukta za parabola ziko juu ya mistari. Kama mistari yote inasema sifuri, nusu hii inatoka wapi?

Jibu linaonekana tukiufuata mstari mmoja ulio karibu kulala, wenye m = 0.01, tuone majibu yake tunapoingia ndani. Kwa x = 1 jibu ni kama 0.01. Kwa x = 0.1 ni kama 0.099. Limepanda. Kwa x = 0.01 jibu ni 0.5 kamili. Hapo ndipo mstari huu unapokutana na parabola, kwa sababu mx na x² zinalingana pale x inapolingana na m. Baada ya hapo linaanza kushuka: kwa x = 0.001 ni kama 0.099 tena, kwa x = 0.0001 ni kama 0.01, na kuendelea hadi sifuri. Kwa hiyo mstari huu hausemi uongo. Unakwenda sifuri kweli, ila kabla ya hapo unapanda hadi nusu, na kilele hicho kiko karibu sana na (0, 0).

Mstari wenye m = 0.0001 unafanya hivyohivyo, ila kilele chake kiko kwenye x = 0.0001. Kadiri mstari unavyolala zaidi, ndivyo kilele kinavyosogea ndani. Kila mstari una umbali wake ambao ukiupita unatulia, lakini umbali huo hautoshi kwa mstari unaofuata, wala hakuna umbali mmoja unaoitosha yote. Siri yote ya kanuni hii imo humo. Kusema "kwa kila mstari lipo duara" ni jambo moja, na kusema "lipo duara moja kwa mistari yote" ni jambo jingine, nasi tulithibitisha la kwanza tukadhani tumethibitisha la pili.

Ukitaka kuliona kwa macho, fikiria kila jibu ni kimo cha ardhi juu ya nukta yake. Upande wa y chanya unapata mgongo wa mlima wenye kimo cha nusu, unaoifuata parabola y = x² hadi kwenye (0, 0) bila kushuka. Kando yake kuna parabola nyingine, kila moja na kimo chake kisichobadilika. Juu ya y = kx² jibu ni k gawanya kwa 1 + k². Kwa k = 2 tunapata 0.4, kwa k = 3 tunapata 0.3, kwa k = −1 tunapata nusu hasi, kwa hiyo upande wa pili wa mhimili wa x kuna bonde la kina hichohicho. Hakuna kimo kinachozidi nusu, na hilo halihitaji kalkulasi: mraba wa x² − y hauwezi kuwa hasi, na ukiufungua unapata kwamba x⁴ + y² haipungui 2x²y, yaani chini daima ni angalau mara mbili ya juu.

Parabola zote hizo zinakutana kwenye (0, 0), kila moja ikiwa na kimo chake mkononi. Ndiyo maana hata thamani ya nusu haina hadhi ya pekee pale. Unaweza kuifikia (0, 0) ukiwa na jibu lolote unalolitaka kati ya nusu hasi na nusu chanya, mradi uchague k inayofaa.

Mtu anaweza kusema kwamba siku hizi kompyuta itachora picha na kutuonyesha mgongo huo. Inategemea. Programu nyingi za kuchora huchagua nukta zilizopangwa kwa vipimo sawa, hukokotoa kimo cha kila moja, kisha huziunganisha. Tuseme nafasi kati ya nukta ni 0.05. Kwa x = 0.05, 0.1, 0.15 na 0.2, parabola iko kwenye y = 0.0025, 0.01, 0.0225 na 0.04. Zote hizo ziko kati ya safu ya y = 0 na safu ya y = 0.05, mahali ambapo programu haikutazama. Inachokiona kwenye safu ya 0.05, kuanzia x = 0.2 kwenda ndani, ni 0.488, kisha 0.374, kisha 0.192, kisha 0.05. Kwenye safu ya chini yake inaona sifuri tupu. Picha itakayotoka ni ya mgongo unaoteremka kistaarabu kuelekea sifuri, nayo ni picha ya uongo mtupu. Ukipunguza nafasi hadi 0.005, uongo uleule utajirudia karibu zaidi na katikati. Dalili ya kukufanya ushtuke ni hiyo: ukiikuza picha, mahali mgongo unapoanza kushuka panahama kila unapobadilisha nafasi ya nukta. Kitu cha kweli kwenye uso wa kanuni hakihami kwa sababu wewe umebadilisha vipimo vya kuchora.

Historia ya mtego huu inawafariji wanafunzi, kwa sababu walionaswa si watu wadogo. Mwaka 1821 Augustin-Louis Cauchy, Mfaransa aliyefanya kazi kubwa ya kuweka msingi imara wa kalkulasi, aliandika katika kitabu chake cha kufundishia kwamba fanksheni ya vigeu vingi ikiwa endelevu kwa kila kigeu peke yake, basi ni endelevu kwa vyote pamoja. Si kweli, na mifano ya kuipinga kauli hiyo ilipatikana baadaye katika karne hiyohiyo. Mmoja rahisi ni xy / (x² + y²): kwenye mihimili yote miwili ni sifuri, lakini kwenye mstari y = x ni nusu.

Mfano huo, hata hivyo, unanaswa mara moja na anayejaribu mistari yote. Ndiyo maana ulihitajika mwingine mkali zaidi, nao ulichapishwa Torino, Italia, mwaka 1884. Kitabu kilibeba jina la profesa Angelo Genocchi, ila mwandishi wake hasa alikuwa msaidizi wake kijana, Giuseppe Peano, ambaye baadaye angejulikana kwa kanuni zake za msingi wa namba. Genocchi alijitokeza hadharani kusema kazi ile si yake, jambo ambalo leo linachekesha kidogo, maana kilichokifanya kitabu kisisahaulike ni nyongeza za yule kijana. Miongoni mwake kuna fanksheni xy² / (x² + y⁴), ambayo ni hii yetu yenye x na y zilizobadilishana nafasi.

Katika kitabu hichohicho Peano aliugeuzia mtego upande mwingine, kwenye utafutaji wa thamani ndogo kabisa. Vitabu vya wakati ule, kikiwamo cha Mfaransa Joseph Serret, vilitoa kigezo ambacho kwa kweli kilipima mstari mmoja mmoja tu. Kwa umbo lililorahisishwa, mfano wa Peano unaweza kuandikwa (y − x²)(y − 3x²). Kwenye (0, 0) ni sifuri. Fuata mstari wowote kutoka hapo na kwa hatua za kwanza thamani inapanda, kwa hiyo kila mstari unashuhudia kwamba umesimama mahali pa chini kabisa. Lakini fuata y = 2x²: mabano ya kwanza yanatoa x², ya pili yanatoa −x², na zao lake ni −x⁴, chini ya sifuri.

Leo mtego huu unakutwa zaidi kwenye mitihani ya mwaka wa kwanza au wa pili wa chuo kikuu, na huja umevaa vazi jingine. Mwanafunzi anaacha x na y, anatumia umbali r kutoka katikati na pembe θ. Kanuni yetu inakuwa:

r cos²θ sin θ / (r² cos⁴θ + sin²θ)

Anaandika kwamba r ikienda sifuri, juu kunakwenda sifuri na chini kunabaki sin²θ, kwa hiyo kikomo ni sifuri. Inaonekana ni hoja ya kisomi, kumbe ni ileile ya mistari. Kuishikilia θ palepale huku r ikipungua ni kutembea kwenye mstari mnyoofu. Kwenye parabola, θ nayo inapungua pamoja na r, na ile sin²θ aliyoihesabu kuwa imara inayeyuka kwa kasi ileile ya r² cos⁴θ. Njia ya r na θ ni halali pale tu unapoweza kuonyesha kwamba jibu halizidi kitu fulani kisicho na θ ndani yake, kwa mfano r yenyewe, na kitu hicho kinakwenda sifuri.

Basi utajuaje mapema kwamba kanuni fulani inaficha parabola? Tazama chini ya mgawanyo. Hapa chini kuna x⁴ na y². Jiulize ni lini vitu hivyo viwili vinakuwa na ukubwa wa aina moja: ni pale y inapokuwa na ukubwa kama wa x². Hiyo ndiyo njia ya kujaribu. Sasa ihesabu x kuwa na uzito wa 1 na y uzito wa 2. Juu, x²y ina uzito wa 2 + 2 = 4. Chini, x⁴ ina 4 na y² ina 4. Uzito wa juu na wa chini unalingana, na thamani haibadiliki ukishuka kwenye parabola. Hakuna kikomo.

Linganisha na jirani yake x²y² / (x⁴ + y²). Juu kuna uzito wa 6, chini 4. Juu kunashinda kwa kupungua, na tunatarajia kikomo cha sifuri. Matarajio hayatoshi, lakini uthibitisho ni mfupi: y² haizidi x⁴ + y², kwa hiyo jibu lote halizidi x², ambayo inakwenda sifuri bila kujali y inafanya nini. Tofauti ya hoja hii na ile ya mistari iko wazi. Haikutaja njia yoyote. Kuthibitisha kuwa kikomo kipo kunahitaji hoja ya aina hiyo, inayozifunga nukta zote kwa kamba moja. Njia za kutembelea zinafaa kwa kubomoa tu: zikupe majibu mawili tofauti, nawe umemaliza.

Kuna jambo moja zaidi linaloonyesha jinsi kanuni hii ilivyo na ujanja. Tukiamua kwamba thamani yake kwenye (0, 0) ni sifuri, tunaweza kuuliza mwinuko wake ukianza kutembea kutoka hapo kuelekea upande wowote. Kwa mwelekeo (a, b), mwinuko ni a² gawanya kwa b, na ni sifuri pale b inapokuwa sifuri. Kwa hiyo mwinuko upo kwa kila mwelekeo, hakuna hata mmoja uliokosa jibu, na bado fanksheni si endelevu pale. Aliyezoea kigeu kimoja, ambako penye mwinuko pana uendelevu, ataona kama sheria imevunjwa. Haijavunjwa, maana sheria hiyo kwa vigeu viwili inadai zaidi ya mwinuko wa kila upande: inadai ardhi ifanane na ubapa mmoja kwa nukta zote za jirani kwa pamoja.

Mwanafunzi mwenye bidii atasema basi atajaribu mistari, kisha parabola, kisha y = x³, y = x⁴ na kuendelea. Hata hilo halitamwokoa. Iite E ile namba e⁻¹ᐟˣˣ, yaani e kwa kipeo cha hasi moja gawanya kwa x², na utengeneze fanksheni hii:

E·y / (E² + y²)

Juu ya y = x², y = x³ au y = x¹⁰⁰, inakwenda sifuri, kwa sababu E hupungua kwa kasi kuliko kipeo chochote cha x. Nusu yake inapatikana juu ya y = E peke yake na kwenye njia zinazoikumbatia njia hiyo. Kwa x = 0.5, njia hiyo iko kwenye kimo cha kama 0.018 juu ya mhimili wa x. Kwa x = 0.2 iko chini ya sehemu moja ya bilioni kumi. Kwa x = 0.1, namba ya kwanza isiyo sifuri iko kwenye nafasi ya 44 baada ya nukta ya desimali, na hakuna mchoro wa kompyuta utakaoitenganisha njia hiyo na mhimili wenyewe.